Mabati, Riba na Bahasha ya Risiti

Masika yanapoingia Thika, simu za wapangaji nazo huanza: paa linavuja, choo kimeziba, rangi inabambuka. Mwenye nyumba huita fundi, hununua mabati, hulipa. Mwisho wa mwaka hukaa na bahasha ya risiti akijiuliza ni zipi zitampunguzia ushuru. Kwa wenye nyumba wengi wa Kenya jibu ni fupi: hakuna hata moja.

Anayepangisha nyumba za kuishi na kupokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka huwa katika utaratibu wa kila mwezi. Tangu Januari 2024 unatoza asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, nayo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Humo hakuna anayeuliza habari za mabati wala za benki. Hata hivyo sheria imeacha mlango wazi: mwenye nyumba anaweza kumwandikia Kamishna kwamba hautaki utaratibu huo, akatozwa kwa mwaka, tena juu ya kile kinachobaki baada ya kutoa gharama. Ni huko tu ambako bahasha ile ina kazi.

Tuseme mama mmoja ana nyumba 10, kila moja shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anapokea 1,800,000. Mwaka huu amepaka rangi, amezibua mabomba ya maji taka na kubadilisha mabati yaliyooza, jumla 250,000. Pia amejenga vyumba viwili vipya uani kwa 700,000.

Zile 250,000 zinakatwa, kwa kuwa zimerudisha nyumba ilipokuwa. Vyumba vya uani havikatwi: hiyo ni mali mpya, hata kama fundi ni yuleyule na saruji imetoka duka lilelile. Katikati ya hayo mawili ndiko watu wanakobishana. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato kinakubali hata mabadiliko ya muundo wa jengo, mradi yawe ya lazima ili kodi iliyopo isishuke; kinachokataliwa ni kuongeza jengo au kulibadilisha kwa jingine. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: bila kazi hii, wapangaji wangeendelea kulipa ileile 15,000? Aliyeweka marumaru ili apandishe kodi hadi 20,000 asitegemee kifungu hicho.

Kwenye mkopo, kosa la kawaida ni kuhesabu marejesho yote. Mama huyu alikopa milioni 6, na mwaka huu amelipa benki 1,140,000. Taarifa ya benki inaonyesha kwamba 360,000 zilipunguza deni lenyewe, hizo hazikatwi. Riba ni 780,000. Lakini milioni moja ya mkopo huo ilinunua gari la familia, na sheria hukubali riba ya pesa zilizotumika kuleta mapato tu. Sehemu moja kati ya sita ya riba, yaani 130,000, inaanguka. Zinabaki 650,000.

Ongeza 200,000 za wakala, bima na ada za ardhi za kaunti. Faida ni 700,000. Kama hana kipato kingine, viwango vya kawaida na nafuu yake binafsi ya 28,800 vinamwachia ushuru wa 118,600. Kwa utaratibu wa kila mwezi angelipa 135,000. Ameokoa 16,400, ambazo huenda zikaishia kwa mhasibu.

Sasa mpe kazi ya ofisini na mshahara uliokwisha kufika ngazi ya asilimia 30. Zile 700,000 zinaketi juu ya mshahara, na ushuru wake unakuwa 210,000. Risiti zote ni halali, na bado amepata hasara kwa kuandika barua. Kwa mtu wa ngazi hiyo, gharama zinazokubalika lazima zipite robo tatu ya kodi anayopokea ndipo barua imfae. Mara nyingi hilo hutokea miaka ya mwanzo ya mkopo mkubwa, riba inapokuwa juu. Deni likishuka, hesabu inageuka.

Risiti nazo zimekuwa na masharti. Tangu 2024 gharama nyingi hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS. Riba imesamehewa sharti hilo, matengenezo hayakusamehewa. Duka la vifaa vya ujenzi litatoa ankara bila shida. Fundi aliyepanda juu ya paa ndiye mwenye karatasi ya daftari na sahihi ya kalamu, na ujira wake unaweza kukataliwa wakati mabati aliyoyapigilia yamekubaliwa. Kwa mafundi wadogo kama hao sheria sasa inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba yao, ila atahitaji PIN ya fundi, na ni vizuri aiombe kabla ngazi haijaegemezwa ukutani.