Nani Anatazama Maji?

Watoto 36 wanaoanza kuogelea wanapelekwa kwenye bwawa la hoteli na walimu watatu. Ni mwalimu mmoja kwa watoto 12, kiwango cha juu ambacho miongozo ya Uingereza huruhusu kwa wanaoanza. Lakini mmoja akimpeleka mtoto msalani na mwingine akafundisha mateke, macho yanabaki ya nani?

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu hapati pumzi ya kuita. Kwa hiyo, tathmini ya hatari imtaje mwokoaji asiyefundisha wala kushika simu, anayesimama mahali anapoiona sakafu yote ya bwawa. Mng'ao wa jua ukimzuia, ahame. Maji yakiwa na ukungu, somo liahirishwe.

Kanuni za watoto ziwe chache: hakuna kukimbia, hakuna kuvuka kamba ya kina kirefu, na filimbi ndefu ikilia wote watoke na wahesabiwe.

Aliyetolewa majini bila kupumua apewe kwanza pumzi tano, kisha abanwe kifua mara 30 kwa kila pumzi mbili, huku mwingine akiita gari la wagonjwa. Na ufunguo wa geti atakaloingilia uwe na mwenyewe, jina lake likiandikwa kabla ya safari.