Kura 84 zilizoshindwa

Mkutano mkuu wa mtandaoni wenye watu zaidi ya mia una shida moja ambayo ukumbi hauna: mwenyekiti hawaoni wajumbe wake. Hata akitumia kompyuta, ukurasa mmoja wa Zoom humwonyesha nyuso 49 tu, na wengi huwa wamezima kamera. Kuhesabu mikono kwa macho haiwezekani. Ndipo vinapohitajika vitu viwili: alama za papo hapo, na kura ya kwenye skrini.

Alama zifanye kazi nyepesi. Dole gumba au makofi hutoweka baada ya sekunde 10 hivi, kwa hiyo katibu akianza kuhesabu, za kwanza zimeshapotea. Mkono ulionyanyuliwa kwa `Raise hand` hubaki hadi ushushwe, na aliyeunyanyua hupandishwa juu kwenye orodha ya washiriki. Basi kwa jambo lisilo na ubishi, kama kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, mwenyekiti asiulize nani anakubali. Aseme, “Ndugu wajumbe, mwenye pingamizi anyanyue mkono.” Mikono mitatu huonekana mara moja, mikono mia na hamsini ni vurugu. Aliyepiga simu ya kawaida bila intaneti naye anaweza kunyanyua mkono, kwa kubonyeza `*9`.

Jambo lenye ubishi linataka kura ya kwenye skrini. Swali huandaliwa kabla ya kikao, likiwa fupi na bila ukanushaji, maana “Je, hukubali tusipandishe?” humchanganya hata aliyesoma. Wakati ukifika, katibu hubonyeza `Launch`, husubiri dakika moja au mbili huku akitazama idadi ya waliojibu ikipanda, kisha hufunga. Busara ni kuanza na swali la majaribio: “Je, unaiona kura hii?” Asiyeiona, pengine kwa sababu programu yake ni ya zamani, atajulikana kabla mambo hayajawa mazito.

Hadi hapo ni rahisi. Kazi huanza matokeo yanapotoka.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo kinachotaka kupandisha kiwango cha chini cha hisa. Katiba yake inadai theluthi mbili ya kura za ndiyo na hapana, bila kuwahesabu waliojizuia. Kura inafungwa: ndiyo 84, hapana 40, najizuia 8. Skrini inaonyesha ndiyo ni asilimia 64, na waliopinga wanaanza kushangilia. Lakini skrini imegawanya kwa watu wote 132 waliojibu. Ukiwaondoa waliojizuia wanabaki 124, ambao theluthi mbili yao ni 83 kwa kujumlisha sehemu iliyobaki. Kwa kura 84, hoja imepita.

Imepita kweli? Kura ya skrini haihesabu wanachama, inahesabu vifaa. Katibu anafungua ripoti yenye majina na kukuta wanachama wawili waliingia kwa simu na kwa kompyuta pia, na kila mmoja alibonyeza ndiyo mara mbili. Ndiyo zinashuka hadi 82. Upande mwingine, wapo wanne ambao hawakuhesabiwa: wawili walipiga simu ya kawaida, ambayo haina skrini ya kubonyeza, na wawili waliketi na wenzi wao, wote wanachama, mbele ya kompyuta moja. Wanaulizwa kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Mmoja anasema ndiyo, watatu hapana. Sasa ni ndiyo 83 na hapana 43, jumla 126. Theluthi mbili ni 84. Hoja imeanguka kwa kura moja.

Usafi huo uliwezekana kwa sababu kura ilikuwa na majina. Ikiwa ya siri, kama katika uchaguzi wa viongozi, ripoti haimtaji mtu, na kura iliyorudiwa haiwezi kung’olewa tena. Hapo usafi hufanywa kabla: kila mjumbe aingie kwa jina lake kamili na namba ya uanachama, kifaa cha pili kitolewe, na aliye kwenye simu ya kawaida atafutiwe njia nyingine ya siri, la sivyo atalazimika kutaja mgombea wake mbele ya wote. Akumbukwe pia anayeendesha kikao, kwani kwa kawaida mfumo hauipokei kura yake kama za wengine.

Kwa hiyo katibu mzoefu hatangazi asilimia inayowaka kwenye skrini. Hufunga kura, huomba dakika tano, hulinganisha ripoti na daftari la wanachama, kisha humpa mwenyekiti hesabu kamili ya kusoma na kuandikwa kwenye muhtasari: ndiyo ngapi, hapana ngapi, waliojizuia wangapi, zilizofutwa ngapi na kwa nini, zilizopokelewa kwa sauti ngapi.