Spika Inakoroma Sauti Ikipanda: Betri, Amplifaya au Karatasi?

Kwenye saluni nyingi za kiume kuna spika ndogo ya blututhi juu ya kabati la vioo. Asubuhi inaimba vizuri. Ikifika jioni wateja wamejaa, kinyozi anaongeza sauti, na kila ngoma inapopigwa spika inakoroma. Wengi huamua hapo hapo kwamba spika imepasuka. Huenda haijapasuka.

Ndani ya spika ya namna hii kuna betri ya lithiamu. Seli yake moja ikijaa huwa na volti 4.2, na ikikaribia kuisha hushuka hadi kama 3. Amplifaya haiwezi kutoa wimbi la umeme refu kuliko volti inayopewa. Sauti ikizidi, kilele cha wimbi kinagonga dari na kukatwa, na sikio linasikia mkwaruzo. Sauti ikiwa chini, wimbi ni fupi, halifiki huko, ndiyo maana muziki wa taratibu unatoka safi hata betri ikiwa hoi.

Betri iliyochoka ina ujanja wake. Chukua seli ambayo mita inaisoma volti 3.9 spika ikiwa imetulia. Ukidhani ina nguvu hujakosea sana. Lakini ngoma ya besi inapovuta ampea 2 kwa ghafla, seli kongwe yenye ukinzani wa ndani wa ohm 0.35 inapoteza volti 0.7 papo hapo na kubaki na 3.2. Kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, theluthi ya nguvu imeyeyuka katika dundo hilo moja. Ndipo taa hufifia kwa kufuata ngoma, na mara nyingine spika hujizima na kuanza kutafuta simu upya.

Kipimo chake ni rahisi, ila kinataka uvumilivu. Spika ijazwe chaji, ichomolewe, kisha upigwe wimbo mmoja huku ukiangaliwa ni kiwango gani cha sauti mkwaruzo unaanza. Jioni, chaji ikiwa imepungua, urudiwe wimbo ule ule. Mkwaruzo ukianza mapema zaidi kuliko asubuhi, betri ina mkono wake. Kupiga muziki spika ikiwa kwenye chaja si kipimo cha kuaminika, kwa sababu spika nyingi huendelea kuitegemea betri, na chaja ndogo ya simu haifikii mahitaji ya besi.

Mkwaruzo usipojali chaji, macho yahamie kwenye simu. Mara nyingi dari inagongwa kabla umeme haujafika kwenye amplifaya ya spika: mtu amepandisha besi kwenye ikwalaiza. Kuongeza besi desibeli 6 tu kunaitaka amplifaya itoe nguvu mara nne kwenye noti hizo. Ikwalaiza irudishwe sifuri, sauti ya simu ishushwe hadi kama robo tatu, kisha ya spika ndiyo ipandishwe. Muziki ukitoka safi kwa ukubwa ule ule, spika haina kosa. Ujaribiwe na wimbo mwingine pia, maana nyimbo zinazozunguka kutoka simu hadi simu nyingine zimeshakatwa vilele tangu zamani, na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Hizo mbili, kwa kweli, ni ugonjwa mmoja: dari imeshuka au wimbi limerefuka. Karatasi iliyoharibika ni jambo jingine, na dalili yake ni kwamba inachagua noti. Koili hucheza kwenye mwanya wa sumaku usiofika milimita moja. Ikipinda au gundi ikiachia, inakwangua ukuta karatasi inaposogea sana. Kuna programu za simu za kutoa mlio mmoja. Uanzishwe kwenye hezi 80, sauti ya wastani, na upandishwe polepole hadi 300. Mzizimo ukitokea mahali pale pale kila mara, iwe betri imejaa au haijajaa, hitilafu ni ya kimwili. Kabla ya kufungua, kiganja kikandamize boksi na wavu wake, kwa kuwa skrubu iliyolegea hulia vivyo hivyo.

Uthibitisho wa mwisho ni wa vidole. Spika ikiwa imezimwa, karatasi isukumwe taratibu kwa vidole viwili vilivyowekwa pande mbili za kati, kwa nguvu sawa. Ukisukuma upande mmoja, hata koili nzima itakwaruza. Ikisikika kama msasa, koili inagusa. Ikienda laini, kinachofaa kukaguliwa ni mpira wa ukingoni, ambao ukichanika kidogo huweza kugundishwa kwa gundi inayobaki laini ikikauka.

Koili inayogusa haitengenezeki kirahisi, spika hubadilishwa. Nyuma ya sumaku huandikwa ohm, na namba hiyo ifuatwe: ya ohm 8 ikiwekwa palipokuwa na ya 4 itapokea karibu nusu ya nguvu, na ya ohm 2 itaivuta amplifaya kuliko ilivyokusudiwa, mkwaruzo urudi na joto juu yake.