“Utakatwa Asilimia 15 ya Pesa Zako”: Uvumi Huu Unatoka Wapi, na Uujibu Vipi Kwenye Grupu

Msimu wa bajeti ukikaribia, kuna ujumbe ambao huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Huandikwa hivi, ama karibu hivi: “TAHADHARI! Kuanzia Julai serikali itakata asilimia 15 ya kila pesa utakayotuma ama kutoa kwa simu. Toa pesa zako mapema. Tumia watu wako wote.”

Ujumbe huu ni wa uongo, lakini ndani yake kuna chembe ya ukweli, na ndiyo maana watu wengi wanauamini. Hebu tuufungue pamoja, kisha tukuonyeshe namna ya kuujibu ukitua kwenye grupu lenu.

Ukweli uko wapi?

Ushuru upo. Unaitwa ushuru wa bidhaa, na hutozwa pia kwa huduma za kutuma pesa. Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kutoka asilimia 12 hadi asilimia 15. Mwaka uliofuata, Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza uende hadi asilimia 20. Mswada huo haukuwa sheria, kwa sababu Rais alikataa kuutia saini mwezi Juni 2024 baada ya maandamano.

Jambo ambalo uvumi huacha nje ni hili: ushuru unatozwa kwenye ada ya huduma. Pesa zako zenyewe haziguswi.

Tuchukue mfano wa mweka hazina wa chama mwenye shilingi 10,000 kwenye simu. Tuseme ada ya kutoa kiasi hicho ni shilingi 115. Ndani ya hiyo 115, shilingi 100 ni malipo ya huduma na shilingi 15 ni ushuru. Kwa hivyo ushuru wake ni shilingi 15. Ujumbe wa grupu unamwambia atakatwa 1,500.

Sasa angalia kinachotokea akiuamini. Anakimbia kwa wakala, anatoa pesa zote na kulipa ile 115. Ushuru aliokuwa anaukimbia ameulipa palepale kwa kaunta. Pesa za chama zinalala kwa nyumba, na wiki ijayo anazirudisha kwa simu ili amtumie mwanachama mkopo. Uvumi umemgharimu shilingi 115 ambazo hakuwa na haja ya kuzitoa, na usiku kadhaa wa wasiwasi.

Sisi hufanya nini uvumi ukianza

Mara nyingi dalili ya kwanza huja kupitia kwa wateja. Laini za huduma zinaanza kupokea swali moja kwa maneno yale yale, na mawakala wanatuambia watu wanatoa pesa kuliko kawaida. Hapo kazi yetu ya kwanza ni kuuliza ndani: je, kuna bei iliyobadilika? Kuna ujumbe wetu wenyewe ulioandikwa vibaya ukaeleweka vingine? Hatuwezi kuita kitu uongo kabla ya kuhakikisha.

Tukishahakikisha, tunaandika jibu fupi linaloanza na ukweli: “Ushuru hutozwa kwenye ada pekee.” Uvumi tunautaja mara moja tu, kisha tunamalizia na hesabu. Tukianza na maneno ya uvumi kwa herufi kubwa, msomaji mwenye haraka atakumbuka hayo hayo. Kwa sababu hiyo pia hatusambazi skrinshoti ya uvumi bila kuipiga alama ya UONGO katikati ya maandishi. Alama ikiwa pembeni, mtu anaikata na picha inaendelea na safari.

Mawakala huwa wa kwanza kupata jibu hilo, kwa sababu mteja mwenye hofu huenda kwa kibanda kabla hajafungua ukurasa wetu. Wakala akisema “hata mimi nimeskia hivyo,” uvumi umepata shahidi.

Lakini kuna mahali hatufiki. Jumbe za WhatsApp zimefungwa kwa njia ambayo walio kwenye mazungumzo pekee ndio wanaweza kuzisoma. Hatuwezi kuona kinachosemwa kwenye grupu la familia yenu, wala kukifuta. Huko anayeweza kujibu ni wewe.

Ukiuona kwenye grupu

Kwanza angalia juu ya ujumbe. Mshale mmoja unaonyesha ujumbe umesambazwa kutoka mazungumzo mengine. Mishale miwili maana yake umepita mikono mitano ama zaidi, na tangu Aprili 2020 WhatsApp huruhusu ujumbe wa aina hiyo utumwe kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Mishale miwili haithibitishi kwamba ni uongo. Inakuambia tu kwamba aliyekutumia hajui nani aliuandika.

Kisha soma maneno. Je, unataja sheria gani, na ya mwaka gani? Ni mswada ama ni sheria? Mswada ni pendekezo tu, hata kama magazeti yote yameuandika. “Kuanzia Julai” bila mwaka ni dalili mbaya, kwa sababu ujumbe wa namna hiyo unaweza kutumika kila mwaka bila kubadilishwa.

Halafu jipimie mwenyewe. Fungua ujumbe wa muamala wako wa mwisho, gharama imeandikwa pale. Gawanya gharama hiyo kwa 115, kisha zidisha kwa 15, utapata ushuru ulio ndani yake. Ukilipa ada ya shilingi 13, ushuru ni takriban shilingi 1.70.

Ukisharidhika, jibu kwenye ule ule ujumbe ili kila anayeusoma aone jibu limeshikana nao. Unaweza kunakili hili:

“Ushuru ni kwa ada, si kwa pesa yako. Ukitoa 10,000 na ada ni 115, ushuru ni shilingi 15, na tayari uko ndani ya hiyo 115. Angalia gharama kwenye ujumbe wa muamala wako wa mwisho.”

Usimcheke aliyeutuma. Mara nyingi ni shangazi ama mzee wa kanisa aliyetaka kuwaokoa watu wake, na ukimwaibisha mbele ya watu atautetea. Mwandikie kando, kwa heshima: “Shangazi, nimeangalia hii, hesabu yake si sawa. Unaweza kuifuta?” Yeye ana takriban siku mbili za kuufuta kwa kila mtu, na admini wa grupu pia anaweza kuuondoa. Mwombe pia akumbuke ni magrupu gani mengine aliupeleka, kwa sababu kuufuta hapa hakuufuti kule.

Jihadhari na anayekuja nyuma ya uvumi

Watu wakishaogopa, matapeli huja na “suluhisho”: bonyeza linki hii usamehewe ushuru, ama pokea simu ya “ofisa” atakayekusaidia kujisajili. Hakuna usajili wa kusamehewa ushuru wa ada, na sisi hatutakuuliza nambari yako ya siri kwa simu, kwa ujumbe wala kwa linki. Ukipata kitu kama hicho, usijibu. Tupigie kupitia laini ya huduma unayoijua, ama uliza kwa wakala wako, kabla hujabonyeza chochote.