Barua ya Rufaa Huanza na Swali

Mama wa miaka 58, mkazi wa Kondoa, ana kisukari kwa mwaka wa 12 sasa, na presha kwa mwaka wa tisa. Daktari wa hospitali ya wilaya ameona kipimo chake cha figo kimepanda, akaamua aende kwa bingwa wa figo Dodoma. Akachukua fomu ya rufaa, akaandika: "Mgonjwa wa kisukari na presha, figo zina shida. Naomba aonwe kwa matibabu zaidi." Saini, muhuri, basi.

Mama huyu ni wa mfano, lakini barua za namna hii zipo nyingi. Hakuna neno la uongo ndani yake, ila bingwa hana pa kushika. Itabidi aanze upya: historia aiulize mwenyewe, damu itolewe tena, na mgonjwa aliyelipa nauli na kulala kwa ndugu aambiwe arudi wiki ijayo majibu yakitoka.

Kinachokosekana ni swali. "Matibabu zaidi" si swali. Daktari wa Kondoa ana jambo mahususi linalomtatiza, na akilitafuta kwa dakika chache atalipata: kreatinini ilikuwa 98 mwezi Januari, mwezi Mei ikawa 164. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, kwa hiyo ikipanda, figo zimelegea kazi. Je, kasi hii ni ya kisukari peke yake, au kuna kitu kingine kinachoziumiza? Na je, mama aendelee na enalaprili, dawa ya presha ambayo huzilinda figo za mgonjwa wa kisukari lakini pia huweza kupandisha kreatinini na potasiamu? Maswali hayo mawili yakae juu kabisa ya barua, kabla ya historia. Bingwa akiyasoma kwanza, kila mstari unaofuata anausoma akijua anatafuta nini.

Swali ndilo linalochagua historia. Upasuaji wa uzazi wa mwaka 1994 hauna haja ya aya nzima. Linalohitajika ni lile litakalomsaidia bingwa kutenganisha kisukari na sababu nyingine: ugonjwa umekaa miaka mingapi, sukari imedhibitiwa vipi, mkojo una protini kiasi gani, na macho yakoje. Macho yanaweza kumshangaza msomaji, lakini yana ushahidi mkubwa. Mishipa midogo ya retina na ile ya figo huharibiwa na sukari kwa njia zinazofanana, hivyo daktari wa macho akiwa ameona madhara ya kisukari kwenye retina, uwezekano kwamba figo nazo zimeguswa na kisukari unaongezeka. Mama wetu alipimwa macho mwaka jana na madhara yakaonekana. Mstari mmoja tu, na huenda ukamwepusha na kutolewa kinyama cha figo kwa sindano.

Vipimo viandikwe na tarehe zake, tena vya zamani pamoja na vipya. Kreatinini ya 164 peke yake haisemi kama figo zimekuwa hivyo kwa miaka mitano au zimeporomoka mwezi uliopita, na matibabu ya hali hizo mbili hayafanani. Kipimo cha sasa bila kile cha Januari ni nusu ya habari. Pia kiwekwe kizio: maabara nyingine huandika mikromoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na 164 ya huku ni karibu 1.9 ya kule.

Sasa dawa, mahali ambapo barua nyingi huanguka. Kwa kawaida daktari hunakili alichoandika mwenyewe kwenye faili: metformini gramu 1 mara mbili kwa siku, enalaprili miligramu 10 mara mbili, haidroklorothiazaidi miligramu 25 asubuhi. Orodha hiyo inaonyesha alichoandikiwa. Bingwa anataka kujua anachomeza. Namna ya kujua ni kumwambia mgonjwa aje na mfuko wake wote wa dawa, aumwage mezani, kisha aulizwe kwa upole: "Mama, magoti yakiuma unatumia nini? Kuna dawa ya duka? Kuna ya miti?" Akiulizwa kwa ukali, ya miti hataitaja.

Kwenye mfuko wa mama huyu kuna diklofenaki ya miligramu 50. Tangu Februari anaimeza asubuhi na jioni kwa ajili ya magoti, na huinunua duka la dawa bila cheti. Hapo picha inageuka. Enalaprili hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio cha figo, diklofenaki hubana ule unaoiingiza, na haidroklorothiazaidi hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, damu hufika kwenye kichujio kwa msukumo mdogo mno na kreatinini hupanda. Dawa ambayo haikuwa kwenye faili ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya jibu.

Mzio nao uelezwe kwa kilichotokea. "Mzio wa Septrini" pekee haumtoshi bingwa, kwa sababu kichefuchefu si mzio. "Alipewa Septrini, akatoka vipele mwili mzima na midomo ikavimba" ni habari nyingine kabisa.

Barua iseme pia kilichokwisha kufanyika. Daktari wetu alisimamisha diklofenaki Mei, akampa parasetamoli badala yake, na akashusha metformini hadi miligramu 500 mara mbili, kwa kuwa figo zikilegea dawa hiyo hurundikana mwilini. Wiki tatu baadaye kreatinini ilikuwa 142 na potasiamu 5.2. Imeshuka, ila haijarudi ilikotoka. Kushuka kwenyewe kunaonyesha diklofenaki ilikuwa na mkono wake, na kilichobaki ndicho anachoulizwa bingwa.

Mama ambaye mkojo umekatika, anayehema akiwa amelala chali, au mwenye potasiamu ya zaidi ya 6.5, hasubiri siku ya kliniki. Huyo daktari ampigie simu bingwa, aanze matibabu palepale na kumsafirisha siku hiyohiyo, barua ikiwa mkononi mwa muuguzi anayemsindikiza.

Kwa rufaa ya kawaida kama hii, mstari wa mwisho ueleze nani atafanya nini baadaye: "Naweza kumfuatilia hapa, tunapima kreatinini na potasiamu. Naomba majibu kwa maandishi." Bila mstari huo, mgonjwa hubaki akizunguka kati ya hospitali mbili, dawa zikibadilishwa upande mmoja bila upande wa pili kujua.

Barua ya namna hiyo inatosha ukurasa mmoja, na majibu yake huweza kuwa mafupi vilevile. Bingwa akishamwona mama na kutazama ultrasaundi, anaandika kwamba huu ni ugonjwa wa figo wa kisukari uliozidishwa na diklofenaki, hakuna haja ya kuchukua kinyama. Enalaprili iendelee kwa sababu mkojo una protini, isimamishwe kwa muda akiharisha au kutapika sana. Haidroklorothiazaidi iondolewe, iwekwe amlodipini miligramu 5. Metformini ibaki ilipo. Diklofenaki na jamaa zake zote, ibuprofeni ikiwemo, asiziguse tena. Damu ipimwe Kondoa baada ya wiki mbili, kisha kila miezi mitatu, na arudishwe Dodoma kreatinini ikipita 180 au potasiamu ikifika 6.