Mbinu za kusoma kwa ajili ya mtihani: funga daftari, uone kinachobaki

Muulize mwanafunzi yeyote wa Mlowo kama anakijua Kimondo cha Mbozi. Atacheka. Kipo wilayani kwake, na pengine alipelekwa huko na shule. Sasa muulize kimeundwa na nini. Chuma atakitaja haraka. Nikeli, ambayo ni karibu sehemu moja ya kumi, wengi wataikumbuka baada ya kutajiwa, na hapo watasema, "Ee, nilikuwa najua."

Mtihani hautoi alama kwa "nilikuwa najua". Kulitambua jibu ukilionyeshwa ni kazi moja, kulitoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni nyingine, na wanafunzi wengi wanaopiga msuli usiku kucha hujizoeza ile ya kwanza tu. Wanasoma daftari mara ya tatu, ya nne, ya tano. Kila mara maneno yanateleza kwa urahisi zaidi, nao wanaamini somo limeingia.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliipima imani hiyo. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kisayansi. Kundi moja lilisoma habari katika vipindi vinne, wastani wa mara 14 kwa jumla. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kama mara tatu, kisha mara tatu likaandika kila lilichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara 14 walikumbuka asilimia 40 hivi, na waliojipima asilimia 61. Waliorudia kusoma ndio waliokuwa na matumaini zaidi kwamba wangekumbuka mengi.

Kwa hiyo anayesoma usiku na kufanya mtihani asubuhi anaweza kuona mbinu yake inafanya kazi. Mtihani wa kidato cha nne hauko hivyo. Unafanyika Novemba, na unauliza hata mada za kidato cha kwanza.

Chukua mada ya mmeng'enyo wa chakula katika biolojia. Mwanafunzi asome kurasa zake kwa dakika ishirini, afunge daftari, achukue karatasi tupu na kuandika safari ya chakula kuanzia mdomoni: mate yanavunja wanga, tumbo lina asidi na pepsini inayovunja protini, halafu nyongo... Hapa wengi hukwama, au huandika kwamba nyongo ni kimeng'enya. Asikimbilie daftari. Avumilie dakika moja au mbili akitafuta, ndipo afungue na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa kwenye kibofu cha nyongo, na haina kimeng'enya chochote. Kazi yake ni kuyagawa mafuta kuwa matone madogo ili lipasi iyafikie. Alama zile nyekundu ndizo ratiba yake ya kesho. Yaliyotoka bila shida hayahitaji saa nyingine.

Kusahihisha si jambo la kurukwa, kwa sababu kosa linaloandikwa mara tatu bila kuguswa nalo hukaa. Na mada ambayo mtu hakuielewa tangu darasani haitaokolewa na karatasi tupu, kwani hakuna kitu cha kukumbuka. Hiyo apelekewe mwalimu. Kwa kuwa pepa ni ya Kiingereza, hakuna ubaya kuandika jaribio la kwanza kwa Kiswahili ili kuona kama ameelewa, mradi jaribio la pili liwe kwa lugha ya mtihani.

Arudie lini? Utafiti wa Nicholas Cepeda na wenzake wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba pengo zuri hutegemea umbali wa mtihani. Mtihani ukiwa wiki moja mbele, kurudia kesho yake kulifaa zaidi. Ukiwa siku 35 mbele, pengo bora lilikuwa kama siku 11. Mwanafunzi wa chuo mwenye wiki moja kabla ya mtihani wa muhula asiimalize kozi moja Jumatatu na kuiacha. Aiguse Jumatatu, kisha Jumanne, katikati akisoma kozi nyingine. Atahisi amesahau kidogo, na huko kuhangaika kukumbuka ndiko kunakomsaidia.

Karatasi tupu ikishazoeleka, hatua inayofuata ni maswali halisi. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikieleza waliokosa walikosea wapi na kuonyesha mifano ya majibu mazuri na mabaya. Kusoma ripoti hizo ni bure. Chagua somo unaloliogopa, jibu swali moja bila daftari, kisha ndipo usome ripoti inasemaje kuhusu swali hilo.