Hewa Inavyonyanyua Kioo

Pampu ndogo ya volti 12 hufyonza hewa ndani ya kikombe cha mpira, kisha hewa ya nje hukigandamiza kikombe na kioo pamoja. Kikombe chenye kipenyo cha milimita 40, hewa yake ikipungua kwa nusu, hushika takribani kilo 6. Kwa usalama, kitwishe robo tu: kilo moja na nusu. Kioo cha sentimita 50 kwa 60, unene milimita 4, kina kilo 3. Vikombe viwili vinatosha, vinne hukizuia kisiyumbe.

Kati ya pampu na vikombe funga valvu ya kuzuia hewa kurudi, umeme ukikatika mzigo usidondoke papo hapo. Kabla ya kunyanyua, zima pampu utazame geji. Mshale ukirudi haraka kwenye sifuri, hewa inapenya: futa vumbi, kagua ukingo wa mpira na maungio. Usisimame kamwe chini ya mzigo.